Kumb. Na. ya Shangazi

Mlio ule bado ninao masikioni. Ulianza kama simu ya kawaida inayopigwa, namba zikidonoa moja moja, halafu kimya kidogo, halafu kitu kama panzi aliyefungiwa ndani ya debe. Baada ya panzi zilikuja filimbi mbili, moja nene na moja nyembamba, zikigombana hadi zinachoka zote na kugeuka kuwa kama mvua juu ya bati. Ukifika kwenye ile mvua ya bati ujue umeunganishwa, kaa vizuri, fungua barua pepe. Ukisikia "kap" katikati, ujue mke wa bosi ameinua simu nyumbani.

Laini ya simu ilikuwa moja. Nyumba ya bosi ilikuwa nyuma na duka lilikuwa mbele, hapo Utemini, na waya ulipita dirishani ukagawanyika: tawi moja kwenda sebuleni kwa mama mwenye nyumba, tawi jingine kuja kwenye kompyuta yetu yenye mgongo mnene kama gunia. Bosi alitoka familia ya wafanyabiashara, babu yake alikuja kutoka pwani akauza nguo, baba yake akauza sukari na chumvi, yeye akasema zama zimebadilika, sasa kila mtu ruksa kuuza anachotaka, akaamua kuuza mawasiliano. Duka letu lilichapa barua, lilitoa fotokopi, lilituma faksi, na kwenye kioo cha mlango kulikuwa na karatasi: BARUA PEPE HAPA.

Mimi nilikuwa na elimu ya darasa la saba na cheti cha kupiga chapa cha miezi mitatu. Furaha yangu ilikuwa kubwa kuliko cheti chenyewe. Asubuhi nikifuta vumbi kwenye kibodi, maana upepo wa Singida hauchagui dirisha, nilikuwa najiona katibu muhtasi katika ofisi yenye mapazia, watu wamekaa kwenye benchi wananisubiri mimi. Kila barua niliyochapa niliipenda. Hata maombi ya kazi ya watu nisiowajua nilikuwa nayaombea kimoyomoyo yajibiwe.

Ndipo akaja shangazi.

Shangazi, dada yake baba, aliishi Kinyangiri, na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima alizeti. Walikuwa na mashine moja ya mkono ya kukamulia mafuta, waliyoipata kwa taabu. Hawakuwa na mahali pa kuiweka wala pa kutunza mbegu. Msimu uliotangulia mbegu zao zilinyeshewa chini ya turubai, nyingine zikaliwa na mchwa, na zilizobaki ziliuzwa kwa watu wa malori, wale waliokuja kununua baada ya chama cha ushirika kufa. Watu wa malori walipanga bei wao, walileta magunia wao, na gunia walilijaza hadi linaota kichwa.

Na katikati ya kijiji lilikuwepo ghala la zamani la ushirika. Kuta nzima, bati zima, mlango na kufuli lake. Ndani walikuwa wanaishi popo.

Siku hiyo shangazi aliingia dukani na kanga ya pili imefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kupigana. Nikamwamkia. Akaitikia, akanishika kichwa, akauliza habari za nyumba nzima, halafu akatoa bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine wa plastiki.

"Wilayani wametuandikia," akasema. "Ghala linapangishwa. Anayelitaka aandike kabla mwezi haujaisha. Na kuna tajiri mmoja wa malori naye analitaka."

Barua ile ilikuwa nzuri. Kulia juu, Kumb. Na., yaani kumbukumbu namba, herufi na mikwaju, vile vistari vya kulala, na tarakimu. Chini yake tarehe. Kushoto, jina la kikundi na kijiji. Halafu katikati, kwa herufi kubwa na mstari chini: YAH: UPANGISHAJI WA GHALA LA ZAMANI LA USHIRIKA, KINYANGIRI. Halafu, "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Mwishoni walisema majibu yaletwe kwa mkono, kwa posta, au kwa anwani ya barua pepe ya ofisi, ambayo ndiyo kwanza walikuwa wameipata, na nadhani walikuwa wanajivunia.

Kwa mkono haikuwezekana. Mvua za mwisho zilikuwa zimekula daraja la upande wa wilayani, mabasi yalikuwa yanakuja Singida mjini tu. Posta shangazi hakuiamini, aliwahi kungoja barua ya posta hadi mtoto aliyeandikiwa habari zake akaanza kutembea.

"Basi tuandike hiyo ya kompyuta," akasema. "Andika: Shikamoo."

Nikaandika.

"Andika: habari za hapo ofisini. Sisi huku hatujambo, mvua imenyesha vizuri mwanzoni ila mwishoni imezidi. Mama yetu mmoja wa kikundi amejifungua mapacha. Je, nyinyi mvua ikoje?"

"Shangazi, ni barua ya ofisi."

"Ofisini hakuna watu?"

Nikaandika mvua, mapacha, na daraja. Ombi la ghala likaja chini kabisa, kama vile linavyokuja ukienda nyumbani kwa mtu: umekaa, umekunywa maji, umeuliza watoto, ndipo unasema kilichokuleta. Barua pepe ile haikuwa na kumbukumbu, haikuwa na kichwa. Kwenye kile kisanduku cha juu kinachouliza inahusu nini, shangazi aliniambia niweke "Salamu kutoka Kinyangiri". Tukasikiliza panzi, tukasikiliza filimbi, mvua ya bati ikanyesha, ikaenda.

Wiki ikapita. Kila siku nilifungua sanduku, tupu. Shangazi akaja tena siku ya mnada, akasimama nyuma yangu akikitazama kioo cha kompyuta kama mtu anayechungulia sufuria.

"Wamejibu?"

"Bado."

"Labda hawajaamka."

Bosi alikuwa anakunywa kahawa mlangoni. Akaomba aione barua tuliyotuma. Akaisoma, akacheka hadi akaweka kikombe chini.

"Bibi mwenyekiti, hii umemwandikia mkwe wako."

"Nimemsalimia mkubwa. Wewe kwenu hamsalimii?"

"Tunasalimia sana. Ila serikali haina umri. Huwezi kuipa shikamoo, itakuitikia nani?" Akaja akavuta kiti. "Binti, sikiliza. Barua ya ofisi ni kama kanzu, ina mahali pa shingo na mahali pa mikono. Anwani yenu juu kulia. Kumbukumbu namba. Tarehe. Kushoto unayemwandikia, kwa cheo, siyo jina: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya, sanduku lake, mji wake. Unaruka mstari. Ndugu Mkurugenzi, mkato. Unaruka. Kichwa cha habari, herufi kubwa, pigia mstari. Halafu, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Halafu shida yako. Aya mbili, ya tatu unashukuru. Nakutakia kazi njema. Sahihi, jina, cheo. Nakala kwa Mtendaji wa Kata. Umemaliza. Mapacha hawamo."

Shangazi alinuna. Aliniambia kwa Kinyiramba, ili bosi asisikie, kwamba mtu huyu hakulelewa. Lakini mwezi ulikuwa unakwisha, akakubali.

Tulikwama sehemu moja. Kumb. Na.

"Kikundi chenu kina namba?" bosi akauliza.

"Tuna namba ya usajili. Iko kwenye cheti, na cheti kiko Kinyangiri kwenye sanduku la mhazini, na mhazini kaenda msibani."

"Kumbukumbu usiiache wazi. Barua isiyo na kumbukumbu ni yatima."

Shangazi akaikunjua ile barua ya wilayani, akaweka kidole chake chenye ufa wa jembe juu ya namba yao. "Si hii hapa? Wao wenyewe wameliita jambo hili kwa jina hili. Mkiweka hilohilo watajua tunasemea lilelile."

Bosi akafikiri. Mimi nikafikiri. Ilikuwa na akili kabisa. Hata sasa nikiifikiria naona ilikuwa na akili. Ng'ombe akiwa na alama ya mwenyewe, ukimkuta popote unajua pa kumrudisha. Nikaichapa namba yao juu, mikwaju yote mahali pake, nikaihakiki mara kadhaa. Kichwa cha habari nacho nikachukua chao neno kwa neno, kisije kikapotea. Nikaiandika ndani ya barua pepe yenyewe, kwa sababu kuambatisha faili kwenye laini ile kulikuwa ni kutafuta ugomvi na mke wa bosi. Ile anwani yetu niliyoisukuma kulia kwa nafasi nyingi niliiona nzuri kweli.

Nikaituma, nikawa na raha siku nzima. Nilikuwa nimeshaiona mashine ya mkono ndani ya ghala, mwanga unaingia kwenye matundu ya juu, wanawake wanaimba, na mimi nimekwenda kuwatembelea nimevaa viatu.

Hakuna jibu.

Nikaanza kufika dukani kabla ya bosi. Nilimwomba mama mwenye nyumba asiinue simu asubuhi, akaniambia simu ni yake na harusi ya mdogo wake ni ya kwake vilevile. Nilifungua sanduku, matangazo ya watu nisiowajua wa nchi nisizozijua, wananiahidi utajiri kwa Kiingereza. Kutoka wilayani, hamna. Shangazi alikuwa anakuja na basi, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anaondoka. Hakulalamika. Alikuwa ananiletea karanga. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kula karanga za mtu ambaye sina jibu lake.

Ijumaa, siku ya mwisho ya kazi ya mwezi ule, shangazi alikuja na uso wa mtu ambaye hajalala. Tajiri wa malori alikuwa ameonekana akipima mlango wa ghala kwa kamba.

"Pigeni simu," akasema.

Tukapiga wilayani, bosi akaturuhusu. Akapokea katibu muhtasi, sauti safi kabisa, ile sauti niliyokuwa naiota. Nikajieleza. Akasema barua pepe zote anazichapisha kwenye printa na kuzipeleka masijala, kule zinakopokelewa na kutunzwa barua, kwa hiyo niulize masijala. Akaniunganisha.

"Masijala," akasema mama mmoja. Nilisikia anatafuna kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema."

Nikamsomea kumbukumbu namba. Akaniambia nisubiri. Nilisikia kabati la chuma likifunguliwa, karatasi zikifunuliwa, mtu akiuliza kama chai imefika. Shangazi alikuwa ameleta sikio lake karibu na la kwangu hadi kilemba chake kinanikuna.

"Jalada ninalo," akasema mama wa masijala. "Kuna barua yetu ya kwenda kwa vikundi. Na kuna nakala yake. Na kuna barua ya bwana mmoja wa Singida, anaomba ghala. Basi."

"Nakala?"

"Nakala ya ofisi. Namba yetu, kichwa chetu. Mmh." Aliacha kutafuna. "Hii nakala inasema... kikundi chetu kinaomba. Hii ni ya kwenu?"

"Ni ya kwetu, mama."

"Sasa mbona mmeweka namba yetu juu? Barua ikiwa na namba yetu juu imetoka kwetu. Barua imechapishwa, anwani imetawanyika kama kuku, mimi naona namba, naona kichwa, naiweka pamoja na mama yake. Nina barua za wilaya nzima hapa, binti."

"Tulidhani ndiyo namba ya jambo lenyewe."

"Ni namba ya barua yetu ndani ya jalada letu. Hiyo tarakimu ya mwisho ndiyo nafasi ya karatasi, kama kiti. Mmekaa kwenye kiti chetu. Nyinyi mnaweka yenu juu, yoyote, hata moja. Yetu mnaitaja ndani: rejea barua yenu yenye kumbukumbu namba kadhaa ya tarehe kadhaa. Ndiyo naipiga mhuri wa kupokelewa, naipa nafasi, inapanda kwa Mkurugenzi. Hii haikupanda."

Shangazi akaninyang'anya simu. "Mama, habari za saa hizi. Si umeiona sasa? Ipige mhuri."

"Nitapigaje mhuri wa leo kwenye karatasi iliyoingia wiki iliyopita? Na wa wiki iliyopita nitaupigaje leo? Leteni barua. Ofisi inafungwa saa tisa na nusu."

Sijawahi kuchapa vile. Bosi hakucheka. Alisimama nyuma yangu anatamka, shangazi amesimama pembeni ameshika ile barua ya wilayani mbele ya macho yangu kama Msahafu. Kwa kumbukumbu yetu tulichukua herufi za kwanza za jina la kikundi, mkwaju, HW kwa ajili ya Halmashauri ya Wilaya, mkwaju, 01. Shangazi alikitazama kile 01.

"Kumbe tunaanza sisi," akasema.

Anwani safari hii niliiacha kushoto, mistari mifupi, isitawanyike. Mkurugenzi Mtendaji. Ndugu Mkurugenzi, mkato. YAH: MAOMBI YA KUPANGISHWA GHALA LA ZAMANI LA USHIRIKA, KINYANGIRI, sasa ni maombi, siyo kichwa chao tena. "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na.," na namba yao ndani, kwenye sentensi, pamoja na tarehe yake. Aya ya kwanza tunaomba. Aya ya pili mashine, mbegu, mchwa. Ya tatu shukrani. Kwenye kisanduku cha juu cha barua pepe nikarudia kichwa cha habari na 01 yetu, ili hata yule wa sauti safi asipate shida.

Nikabonyeza kuunganisha. Panzi. Filimbi. Kap.

Nikabonyeza tena. Panzi. Kap.

Bosi akaenda nyuma. Tukamsikia akisema, "Mama watoto, dakika tano," na mama watoto akijibu kwamba mpishi wa harusi kakimbia na ukumbi unasubiri jibu, na kama dakika tano ni rahisi hivyo amwazime yeye kwanza. Walibishana kwa sauti ya chini, ya watu wanaojua kuna wageni dukani. Bosi akarudi akijifuta shingo. Nikajaribu tena, namba ya kuingilia intaneti ikawa imejaa. Nikajaribu. Panzi, filimbi, mvua ya bati. Ukurasa ukafunguka kipande kwa kipande, kama mtu anayevuta pazia lililokwama.

Ilipokwenda, saa ya ukutani ilikuwa imepita saa tisa na nusu. Haikupita sana. Shangazi aliiangalia, akaangalia na saa ya bosi mkononi, akitumaini hazielewani. Zilielewana.

Jibu lilikuja kwa barua pepe baada ya wiki mbili. Nikaifungua peke yangu. Ilikuwa na kila kitu. Kumbukumbu yao, na nafasi mpya ya mwisho, kwa hiyo tulikuwa tumepata kiti. "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na.," halafu herufi za kikundi cha shangazi, HW, 01. Nilifurahi kuiona pale kabla sijasoma kilichofuata. Ombi letu limepokelewa Jumatatu, baada ya muda uliowekwa. Ghala limepangishwa kwa mwombaji mwingine kwa msimu mmoja. Kikundi kinaweza kuomba tena msimu utakaofuata. Nakutakia kazi njema.

Nilipomsomea shangazi alikaa kwenye ndoo yake.

"Lakini ile nyingine waliipata kabla," akasema. "Iko ndani ya kabati lao."

"Iko kama nakala."

"Ya nani?"

"Ya kwao."

Nje lori la magunia lilipita, likafunika kioo chetu kwa vumbi. Nilitaka kumwambia kitu chenye matumaini, mimi ndiye niliyekuwa fundi wa matumaini pale dukani, nikakosa. Nilikuwa na hasira na yule mama wa masijala, na simu, na mpishi wa harusi aliyekimbia, na hasira zote zilikuwa hazina pa kukaa kwa sababu kila mmoja wao alikuwa anafanya kazi yake.

"Wameandika vizuri lakini," shangazi akasema mwishoni, akiikunja ile karatasi. "Wametutaja kwa namba yetu. Waandikie jibu. Waambie tumepokea na tutaomba tena. Mtu akikuandikia hutamwacha hivihivi." Akaiweka ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine, akawahi basi.

Msimu ule waliuza tena kwa malori. Mashine ya mkono ilikaa nyumbani kwa mhazini, imefunikwa turubai, kuku wakalala juu yake.

Jioni ya siku ile niliyomsomea shangazi jibu, bosi na mkewe walikwenda harusini, laini nzima ikabaki yangu. Nikaandika jibu. Kumbukumbu yetu, 02. Tarehe. Mkurugenzi Mtendaji. Ndugu Mkurugenzi, mkato. YAH: KUPOKEA MAJIBU YA MAOMBI YA GHALA. Rejea barua yako. Tumepokea, tunashukuru, tutaomba tena. Nakutakia kazi njema. Jina la shangazi, Mwenyekiti. Nakala kwa Mtendaji wa Kata. Niliisoma tangu juu hadi chini, kila kitu kilikuwa mahali pake, shingo na mikono.

Halafu nikarudisha kishale juu, chini ya Ndugu Mkurugenzi, nikaongeza mstari mmoja. Shikamoo. Nikaweka nukta, nikasikiliza panzi na filimbi hadi mvua ya bati, nikatuma.